Aya zote saizi moja: ukate na kushona rasimu uliyonayo, au uifunge usimulie upya?

Rafiki yangu alinitumia rasimu ya makala yake, inahusu kujifunza kuendesha baiskeli ukubwani, akaniomba nimwambie kwa nini inaboa wakati kila kitu kipo. Na kweli kila kitu kilikuwepo. Sarufi safi, tahajia safi, aya sita na kila aya ina sentensi nne, hazizidi hazipungui. Nilipofika aya ya tatu nikajikuta nasoma sentensi ya kwanza ya kila aya naruka zilizobaki, na nilipomaliza nikagundua sijakosa kitu.

Tulijaribu njia tatu za kuilegeza rasimu hiyohiyo, kanipa ruhusa niziweke hapa ili uone mwenyewe ipi inakufaa we, manake hazifai zote kwa kila mtu na moja mi naona haifai kabisa ingawa ndo watu wengi wanaanza nayo. Aya tatu za mwanzo zilikuwa hivi:

> Kuendesha baiskeli ukubwani ni changamoto kubwa kwa watu wengi. Mtu mzima ana uzito zaidi na huogopa kuanguka kuliko mtoto. Hofu hiyo humfanya akaze mikono na kuangalia chini. Kwa hiyo, ni muhimu kushinda hofu kabla ya kuanza.
>
> Kiti cha baiskeli kina mchango mkubwa katika kujifunza. Kiti kikiwa juu, miguu haifiki chini na mwanafunzi hupoteza kujiamini. Kiti kikishushwa, nyayo zote mbili hukaa chini. Kwa hiyo, ni muhimu kurekebisha kiti kabla ya kuanza.
>
> Macho pia yana nafasi muhimu katika kusawazisha baiskeli. Anayeangalia tairi la mbele huyumba na kupoteza mwelekeo. Anayeangalia mbali hukaa wima kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo, ni muhimu kuangalia mbele wakati wote.

Tatu zilizobaki zilihusu pedali, breki na kukata kona, na zimetoka kwenye kalibu hiyohiyo.

Sasa ukimuuliza mtu yeyote kosa liko wapi atakwambia aya zinalingana urefu, na ni kweli zinalingana, kwenye skrini zinaonekana kama matofali yamepangwa. Lakini mi nadhani urefu ni dalili tu. Kinachochosha ni kwamba kila aya inafanya tendo lilelile: inatangaza, inaeleza mara mbili, halafu inafunga kwa kurudia ilichotangaza. Ukishasoma ya kwanza na ya pili unajua ya tatu itaishia wapi kabla hujaianza, kwa hiyo unaruka. Angalia tu sentensi za mwisho, "kwa hiyo, ni muhimu" mara tatu, na ukizifuta zote tatu msomaji hapotezi hata punje moja ya habari.

Halafu kuna kitu kingine kidogo ambacho ukikishtukia hutaacha kukiona. Jaribu kuhamisha aya ya macho iwe ya pili na ya kiti iwe ya tatu. Hakuna kinachovunjika zaidi ya kale kaneno "pia". Maana yake hakuna uzi unaopita kutoka aya moja kwenda nyingine, ni orodha iliyovalishwa nguo za makala, na sentensi kuu, zile za mwanzo zinazotangaza hoja ya kila aya, zipo pale kufanya kazi ya namba moja, mbili, tatu.

Watu wanadhani hii kanuni ya kila aya kufunguliwa na sentensi kuu imekuwepo tangu dunia iumbwe. Aliyeiweka vizuri kwenye vitabu vya Kiingereza ni Mskoti Alexander Bain, mwalimu wa Aberdeen, kwenye kitabu chake cha utunzi cha 1866, na hata yeye aliacha mlango wazi kwamba sentensi ya kwanza inaweza kuwa ya kuandaa tu. Miaka zaidi ya mia baadaye, 1974, mtafiti wa uandishi Richard Braddock akakaa na insha 25 kutoka kwenye majarida ya Marekani yenye waandishi wazuri akawa anachunguza aya moja moja, akakuta takriban asilimia 13 tu ndo zinaanza na sentensi kuu. Yaani tunafundishwa kitu ambacho wanaoandika vizuri wanakifanya mara chache. Lakini ona pia kwamba asilimia 13 siyo sifuri, hilo tutalirudia.

Njia ya kwanza: kubadilisha urefu tu

Hii ndo ya haraka na ndo rafiki yangu alianza nayo mwenyewe kabla hata hajaniuliza. Unachukua aya zako unazikata, hapa unaacha laini moja peke yake, pale unaunganisha mbili. Ilitoka hivi:

> Kuendesha baiskeli ukubwani ni changamoto kubwa kwa watu wengi.
>
> Kubwa sana.
>
> Mtu mzima ana uzito zaidi na huogopa kuanguka kuliko mtoto. Hofu hiyo humfanya akaze mikono na kuangalia chini. Kiti cha baiskeli pia kina mchango mkubwa katika kujifunza, kwani kiti kikiwa juu, miguu haifiki chini na mwanafunzi hupoteza kujiamini.
>
> Suluhisho? Kishushe.

Dakika tano kazi imeisha. Kwa mbali inaonekana ina uhai, ila isome kwa sauti. "Kubwa sana" haijaongeza kitu, imepewa laini nzima kama mtu aliyepewa kiti cha mbele hana anachosema. Sentensi kuu bado zipo, zimefichwa tu katikati. Na ukiendelea hivi makala nzima, ndefu, fupi, ndefu, fupi, swali la neno moja, jibu la neno moja, msomaji anaikariri hiyo nayo haraka kuliko ile ya mwanzo. Umetoka kwenye kalibu moja umeingia nyingine yenye kelele zaidi. Mi hii siishauri hata kama una haraka, bora uiache rasimu ilivyo, angalau ile ya kwanza ilikuwa inajiheshimu.

Njia ya pili: kukata na kushona

Hapa unafanya kazi na maneno uliyonayo tayari. Kopi faili kwanza, ile ya asili usiiguse. Halafu kwenye hiyo kopi toa sentensi ya kwanza na ya mwisho ya kila aya, usizitupe, zipesti chini kabisa. Kisha ondoa nafasi zote kati ya aya, kila kitu kiwe bonge moja, na hii hatua watu wanairuka na ndo inayobeba kila kitu, kwa sababu ukiziacha nafasi pale zilipokuwa mkono wako utashona ndani ya boksi lilelile.

Sasa soma bonge lako kwa sauti. Kila unapofika kwenye mshono sikiliza ni neno gani linataka kutoka mdomoni lenyewe. Likija "ndo maana", au "lakini", au "mpaka", au "kumbe", hapo una uzi, liandike. Likija "pia", "vilevile", "aidha", "kwa upande mwingine", hapo huna uzi, una vitu viwili vimekaa jirani, weka alama pembeni usijilazimishe. Hiki kipimo cha "pia" kimenisaidia kuliko ushauri wowote wa uandishi niliowahi kusikia. Rasimu nyingi zinazosomeka kama mashine ukizichunguza zimeshikiliwa na "pia" kutoka juu mpaka chini.

Kwa rafiki yangu ilitokea hivi: hofu inakaza mikono, mikono ikikaza na kichwa kinainama, macho yanaenda kwenye tairi, na tairi ndo linayumba. Yaani hofu na macho ambazo kwenye rasimu zilikuwa aya mbili tofauti zilizotenganishwa na kiti, kumbe ni mlolongo mmoja, na kiti ndo dawa inayokuja baada yake. Tukashona:

> Mtu mzima ana uzito zaidi kuliko mtoto na anaogopa zaidi kuanguka, na hofu hiyo haikai kichwani, inashuka mikononi: anakaza usukani, anainamisha kichwa, anaangalia tairi la mbele, na anavyozidi kuliangalia ndivyo linavyozidi kuyumba. Ukimwambia angalia mbele anaangalia sekunde mbili anarudi chini. Hawezi, kwa sababu miguu haifiki ardhini na mwili unajua hivyo.
>
> Ukishakishusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikakaa chini, mikono inalegea yenyewe. Hapo sasa mwambie ainue macho.

Aya tatu zimekuwa mbili, moja ndefu moja fupi, na hakuna aliyekaa kupima urefu, umetokea wenyewe kwa sababu shida ilikuwa na mambo mengi na dawa ilikuwa moja. Zile sentensi za "anaangalia sekunde mbili" na "mwili unajua" hazikuwepo kwenye rasimu, zilikuja kuziba pengo lililoachwa na sentensi kuu. Hii hutokea sana. Sentensi kuu nyingi zimekalia mahali ambapo ilitakiwa kukaa habari.

Hebu tazama na mwanzo wa aya ya pili, "Ukishakishusha kiti". Kwenye Kiswahili tuna bahati ambayo tunaitupa ovyo, kitenzi chetu kinabeba watu na vitu ndani yake. Hiyo "-sha-" inasema kuna jambo limekamilika kabla ya hili linalokuja, hiyo "-ki-" inaelekeza kwenye kiti, na ungeweza hata kuanza na "Ukishakishusha" peke yake kama kiti kimetajwa mwishoni mwa aya ya juu. Aya iliyofunguliwa hivyo haihamishiki, imefungwa kamba na ya kabla yake, na msomaji anavuka nafasi bila kuambiwa "sasa tunaingia kwenye mada ya kiti". Linganisha na "Kiti cha baiskeli kina mchango mkubwa". Aya inayoanza na nomino halafu "ni" au "ina" ni kama mgeni anayejitambulisha jina kamili kila anapoingia chumba kingine cha nyumba ileile. Pitia rasimu yako uangalie aya ngapi zinaanza na nomino ikifuatiwa na "ni muhimu", "ina nafasi", "ina mchango". Zikizidi nusu umeshapata pa kuanzia.

Mwisho kabisa ndo unarudisha nafasi za aya. Usiziweke pale mada inapobadilika, weka pale pumzi inapobadilika: pale msomaji anatakiwa asimame kidogo kabla hujamwambia jambo, au pale umetoka kwenye kinachotokea unaingia kwenye cha kufanya. Mara nyingine mada moja inakatwa katikati na mara nyingine mada mbili zinakaa aya moja, haina shida. Halafu rudi kwenye zile sentensi ulizozitupa chini. Kwetu zilikuwa 12, zikarudi mbili.

Njia hii ilituchukua kama saa nzima hivi kwa makala fupi. Ubaya wake ni mmoja lakini mkubwa, inategemea uzi uwepo. Kama rasimu yako kweli ni orodha, sema vifaa saba vya kubeba safarini, ukikata na kushona utaishia kuunganisha vitu kwa "na" na "huku" na mikoma mirefu, ikasomeka kama orodha iliyolewa. Utajua kwa kile kipimo, alama za "pia" zikiwa nyingi kuliko "ndo maana" acha. Iandike kama orodha, kwa heshima zote, yenye namba.

Na kosa lingine, nimelifanya mara nyingi mwenyewe, ni kuacha sauti ile ile ya vitabu vya shule. Ukitoa sentensi kuu lakini ukaacha "hu-" kila mahali, humfanya, hupoteza, huyumba, hukaa, aya inabaki na mwendo mmoja hata kama urefu umebadilika, kwa sababu "hu-" haina jana wala kesho, kila sentensi inaelea peke yake. Badilisha baadhi ziwe "ana-" au weka tukio moja lililotokea kweli.

Njia ya tatu: kufunga na kusimulia upya

Hapa hugusi rasimu. Unaifunga, unamtafuta mtu, unawasha kinasa sauti cha simu, unamsimulia. Mtu, siyo ukuta, kwa sababu mtu anakatiza, na pale anapokatiza kwa "subiri, ulifanyaje?" ndo pale penye nyama. Ukijirekodi peke yako utajikuta unaisoma rasimu kutoka kichwani na sauti yako itaanza kusema "kwanza kabisa".

Mi ndo nilikuwa msikilizaji. Dakika tisa. Nikaandika alichosema, nikakata yale aliyorudia, nikampa akarekebisha, ikawa hivi:

> Siku ya tatu mikono ilikuwa inaniuma mpaka kwenye mabega. Nilikuwa nimelikodolea macho tairi la mbele siku zote tatu kama vile nikiliacha litanitoroka. Aliyekuwa ananifundisha hakusema lolote kuhusu hofu. Alichukua spana akashusha kiti, akatoa na pedali zote mbili, ile ya kushoto ikamsumbua mpaka akakumbuka inafunguliwa kinyume na tulivyozoea, unazungusha kuelekea kulia, halafu akaniambia kaa, sukuma kwa miguu kama unatembea. Nikasukuma. Hatua fupi fupi, baadaye ndefu, mara nikasikia miguu yote iko hewani na sijaanguka. Nilipokuja kushtuka nilikuwa nauangalia ukuta ulio mwisho wa uwanja, siyo tairi, na hakuna aliyekuwa ameniambia niinue macho.
>
> Ukuta ulikuwa unakuja. Breki nilikuwa sijafundishwa.

Linganisha na rasimu. Hoja zote tatu zimo, hofu, kiti, macho, na hakuna hata moja iliyotangazwa. Hoja ya macho ambayo kwenye rasimu ilifungua aya, hapa imekuja mwisho baada ya msomaji kuiona ikitokea, na ndo maana inaingia. Pedali ya kushoto kwenye rasimu haikuwepo kabisa, nikamuuliza kwa nini, akasema hakuona inakaa chini ya kichwa gani. Nikacheka lakini ndo hivyo, muundo nadhifu unafukuza vile vitu vidogo ambavyo msomaji angevikumbuka, kwa sababu vinakuwa havina aya ya kwao.

Na "-ka-" inafanya kazi kubwa humo ndani: akashusha, akatoa, akaniambia, nikasukuma. Ukiwa na "-ka-" mpangilio unajulikana wenyewe, huhitaji "hatua ya pili ilikuwa". Ndo maana Kiswahili cha kusimulia hakina haja kubwa ya sentensi kuu, kitenzi kimeshasema hili limetokea baada ya lile.

Kingine kilichotokea nilikuwa sikukitarajia. Katika dakika zote tisa hakutaja kona hata mara moja. Rasimu ilikuwa na aya nzima ya kukata kona, sentensi nne safi kama wenzake. Nilipomuuliza akanyamaza kidogo halafu akasema ukweli kukata kona bado hajui vizuri, aliiandika tu kwa sababu alihisi makala haijafika, aya tano zilionekana pungufu. Hapo unaona ulinganifu unavyozaa maneno. Aya inatungwa ijaze nafasi, na kwa kuwa mwandishi hana cha kusema inabidi ianze na "Kukata kona kunahitaji umakini mkubwa", manake nini kingine angesema.

Lakini gharama ipo. Kusimulia kunaleta takataka, dakika tisa zilikuwa na hadithi mbili zisizohusika, "yaani" zisizohesabika, na sehemu moja alisimulia jambo lilelile mara tatu. Mi nilikata zaidi ya nusu. Inabidi pia urudi kwenye rasimu uangalie umesahau nini cha lazima, sisi tulisahau kusema baiskeli iwe saizi yako kabla hujahangaika na kiti, kwa sababu fremu ikiwa kubwa mno hata kiti kikishuka mpaka mwisho miguu haifiki. Tukaichomeka. Na muda, jioni nzima iliisha.

Halafu kama jambo hujaliishi au hujalichimba vizuri, njia hii itakuvua nguo. Utawasha kinasa sauti utaongea dakika moja na nusu utaishiwa. Siyo njia mbaya kwa hilo, angalau umejua, ila hutakuwa na makala siku hiyo.

Sasa uchague ipi

Inategemea nini kimeharibika. Fanya lile jaribio la kuhamisha aya, badilisha mbili za katikati. Zikigoma kuhamishwa, uzi upo, rasimu yako imebanwa tu na sentensi kuu, kata na kushona kutatosha na utamaliza siku hiyohiyo. Zikihamishika bila kelele na wewe jambo unalijua vizuri, usipoteze muda kushona, funga usimulie, kwa sababu ulichonacho ni mafaili ya hoja na siyo mawazo yanayotembea. Zikihamishika na jambo ulilisoma jana usiku tu kwa ajili ya kuandika, hapo tatizo siyo muundo, rudi ukasome.

Mi binafsi napenda mchanganyiko, nasimulia ile sehemu moja au mbili ambazo najua zina nyama, halafu zilizobaki nakata na kushona. Hii ina faida kwamba urefu wa aya unakuwa haulingani kwa sababu za kweli, sehemu niliyosimulia inavimba, sehemu ndogo zinabaki laini mbili. Mtu akiniuliza kwa nini aya hii ni ndefu hivi nina jibu.

Na kuna maandishi ambayo uyaache na unadhifu wake. Maelekezo ya dawa, ripoti ambayo bosi anaipitia amesimama, jibu la mtihani ambalo msahihishaji ana mwongozo wa alama mkononi, taarifa ya dharura. Humo msomaji ameshaamua hatasoma kila neno, anatafuta mahali pake tu, na sentensi kuu mwanzoni mwa aya ndo kibao cha barabarani. Ukimlegezea huyo muundo unamtesa. Swali ni msomaji anasoma au anatafuta. Akiwa anatafuta mpe vibao, akiwa anasoma vibao vingi vinamkatisha mwendo.

Hata ndani ya makala moja hilo linaweza kugeuka, na hapa ndo zile asilimia 13 zinaingia. Mojawapo ya zile sentensi mbili zilizorudi ilikuwa ya baiskeli iwe saizi yako, ilikuwa imejificha mwanzoni mwa aya ya pedali, tukaichomeka katikati ya aya haionekani hata kama iliwahi kuwa sentensi kuu. Nyingine ilikuwa ya breki. Rafiki yangu alitaka kuipeleka mwisho baada ya ule ukuta, ili iwe na msisimko, nikakataa. Mtu anayesoma hii makala huenda kesho asubuhi anapanda baiskeli kwa mara ya kwanza, akiacha kusoma katikati ibaki hiyo moja. Kwa hiyo aya ya breki tuliiacha ilivyo, nadhifu kama zamani, sentensi yake kuu juu kabisa: jifunze kubana breki zote mbili taratibu ukiwa umesimama kabla hujasukuma hata hatua moja. Na tukaitoa kule ilikokuwa, aya ya tano, tukaiweka ya kwanza, juu ya hadithi yote.